Mistari Mitano Yenye Jibu Mkononi

Hifadhidata hulalamikia jambo moja tu, nalo ni maagizo isiyoyaelewa. Ukikosea jina la safu au ukasahau mabano, itakataa papo hapo. Lakini ukiyaandika maagizo vizuri huku yakiuliza kitu tofauti na ulichokusudia, itakujibu bila kusita, na tarakimu itakayotoka haitakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba ni ya uongo. Ndiyo maana kwiri ya ripoti, yaani yale maagizo yanayochota na kujumlisha takwimu, haiwezi kuaminiwa kwa sababu tu imekubali kufanya kazi. Dawa inayojulikana ni kuijaribu kwanza kwenye jedwali dogo la mistari michache ambalo jibu lake umeshalipata kwa kalamu na karatasi. Ushauri huo ni mzuri, lakini ukiachwa hapo haujakamilika, kwa sababu jedwali dogo lolote lile halitoshi. Kazi ya jedwali hilo ni kuikataa kwiri mbovu. Lile ambalo kwiri mbovu hulipita salama halijapima kitu, hata kama jibu lake linajulikana. Kwa hiyo kila mstari unaowekwa humo, na kila kiasi kinachoandikwa, lazima kiwe kimechaguliwa dhidi ya kosa fulani.

Tuchukue ripoti ambayo kila ushirika wa akiba na mikopo huihitaji mwisho wa mwezi: hadi kufikia tarehe 31 Januari 2024, wanachama wanadaiwa kiasi gani? Tuseme kuna majedwali mawili. La kwanza, mikopo, lina namba ya mkopo, kiasi kilichotolewa na tarehe ya kutolewa. La pili, marejesho, lina namba ya mkopo unaolipwa, kiasi kilicholipwa, na tarehe pamoja na saa ya malipo. Riba tuiweke kando ili hesabu iwe nyepesi. Mtu mwenye haraka ataandika hivi:

```sql
SELECT SUM(m.kiasi) AS mikopo,
       SUM(r.kiasi) AS marejesho
FROM mikopo m
JOIN marejesho r ON r.mkopo_id = m.id
WHERE r.tarehe <= '2024-01-31';
```

Salio ni mikopo kutoa marejesho. Kwiri inasomeka vizuri, na kila neno linaonekana kuwa mahali pake. Mwandishi wake akitaka kuipima, jedwali linalomjia haraka kichwani ni la tarakimu za mviringo: mikopo mitatu ya shilingi 100,000 kila mmoja, wa kwanza umelipwa mara mbili, wa pili haujalipwa kabisa, wa tatu umelipwa mara moja, na kila malipo ni shilingi 10,000 yaliyofanyika katikati ya Januari. Kwa karatasi, mikopo ni 300,000, marejesho ni 30,000, salio ni 270,000. Anaiendesha kwiri na kupata 300,000, 30,000 na 270,000. Kila kitu kimelingana, na bado kwiri ni mbovu mara mbili katika tarakimu ya mikopo peke yake. Mkopo wa kwanza umehesabiwa mara mbili, kwa sababu kuunganisha majedwali hurudia mstari wa mkopo kwa kila rejesho linaloufuata. Mkopo wa pili haukuhesabiwa kabisa, kwa sababu `JOIN` ya kawaida hutupa mstari usio na mwenzake upande wa pili. Umeongezwa mkopo mmoja, umepotea mmoja, na kwa kuwa yote ni ya kiasi sawa, makosa mawili yamefutana. Jibu lilijulikana mapema na halikusaidia kitu.

Tiba yake ni kuchagua viasi ambavyo haviwezi kufichana. Njia rahisi ni kuupa kila mstari nafasi yake katika tarakimu: mmoja mamilioni, mwingine laki, mwingine elfu kumi, na kuendelea hadi shilingi moja, kila mmoja ukiwa na tarakimu 1 mahali pake na sifuri kwingineko. Si viasi vya kweli, wala havihitaji kuwa vya kweli. Faida yake ni kwamba jumla inasomeka kama ubao wa shanga: ukiona 1 mstari umehesabiwa mara moja, ukiona 2 umerudiwa, ukiona 0 umepotea. Katika PostgreSQL, jedwali kama hilo huandikwa juu ya kwiri yenyewe bila kugusa takwimu za kweli:

```sql
WITH mikopo(id, kiasi, tarehe) AS (VALUES
  (1, 1000000, DATE '2023-11-06'),
  (2,  100000, DATE '2023-12-04'),
  (3,   10000, DATE '2024-01-02')),
marejesho(mkopo_id, kiasi, tarehe) AS (VALUES
  (1, 1000, TIMESTAMP '2023-12-28 10:00'),
  (1,  100, TIMESTAMP '2024-01-20 09:15'),
  (3,   10, TIMESTAMP '2024-01-31 15:40'),
  (1,    1, TIMESTAMP '2024-02-01 01:30'))
```

Chini yake hubandikwa kwiri ile ile, neno kwa neno. Majina yaliyotangazwa kwa `WITH` huyafunika majedwali halisi yenye majina hayo, hivyo kwiri husoma mistari hii midogo ikidhani ni ile mikubwa. Kuna tahadhari moja: kama kwiri imetaja jedwali pamoja na skima yake, mfano `public.mikopo`, itaruka kifuniko na kusoma takwimu za kweli, nawe utashangaa kuona mamilioni usiyoyajua. Maneno `DATE` na `TIMESTAMP` nayo si mapambo. Bila hayo tarehe huchukuliwa kama maandishi matupu, na ulinganishaji wa maandishi si ulinganishaji wa tarehe.

Jibu la karatasi sasa ni mikopo 1,110,000 na marejesho 1,110, kwa kuwa ile shilingi moja ya Februari haimo. Kwiri inajibu 2,000,000 na 1,100. Hapa hakuna haja ya kukisia. Tarakimu ya mamilioni ni 2, kwa hiyo mkopo wa kwanza umerudiwa. Ya laki ni 0, kwa hiyo mkopo wa pili, usio na rejesho, umetupwa. Ya elfu kumi nayo ni 0, na upande wa marejesho shilingi 10 haionekani, kwa hiyo mkopo wa tatu umepotea pamoja na malipo yake. Hili la mwisho ni kosa la tatu ambalo jedwali la kwanza halikuweza hata kuligusa. `'2024-01-31'` ikilinganishwa na safu yenye saa, humaanisha usiku wa manane tarehe 31 inapoanza. Malipo ya saa tisa na dakika 40 alasiri ya siku hiyo yanakuja baadaye, hivyo yanaachwa. Siku nzima ya mwisho wa mwezi, siku ambayo wengi hukimbilia kulipa, imekatwa na alama inayoonekana kana kwamba inaijumuisha. Jambo jingine lililosaidia ni kuonyesha mikopo na marejesho katika safu mbili. Kama ripoti ingetoa salio peke yake tungepata 1,998,900 badala ya 1,108,890, na kuichambua tarakimu hiyo kungechukua muda zaidi. Wakati wa kujaribu, ni heri kuona sehemu kabla ya kuona tofauti yake.

Tarakimu za kipekee zina udhaifu wao, nao hujitokeza pale mtu anapoanza kuziba viraka. Akiona mkopo wa kwanza umerudiwa, suluhisho la haraka ni kubadilisha `JOIN` kuwa `LEFT JOIN`, kuhamisha sharti la tarehe liwe ndani ya `ON`, kisha kuandika `SUM(DISTINCT m.kiasi)` ili kiasi kilichojirudia kihesabiwe mara moja. Kwenye jedwali letu kiraka hicho kinatoa 1,110,000 kamili. Kinatoa hivyo kwa sababu tulihakikisha sisi wenyewe kwamba hakuna viasi viwili vinavyofanana. Katika ushirika wa kweli, watu kumi wanaweza kukopa 500,000 kila mmoja, na `DISTINCT` haitofautishi mkopo uliorudiwa na kuunganisha na mikopo miwili tofauti yenye kiasi kimoja. Itawahesabu wote kumi kama mtu mmoja. Uchaguzi uliofichua kosa la kwanza umelificha la pili. Kwa hiyo tunaongeza mstari wa nne, mkopo wa 10,000 wa Januari usio na rejesho, unaolingana makusudi na ule wa tatu. Jibu la karatasi linakuwa 1,120,000, na kiraka kinabaki 1,110,000. Sahihisho la kweli si kuondoa marudio baada ya kuyazalisha. Ni kujumlisha marejesho ya kila mkopo kwanza, ili kila mkopo uwe na mstari mmoja tu wa kuunganishwa nao:

```sql
SELECT SUM(m.kiasi) AS mikopo,
       SUM(COALESCE(r.jumla, 0)) AS marejesho
FROM mikopo m
LEFT JOIN (
  SELECT mkopo_id, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM marejesho
  WHERE tarehe < '2024-02-01'
  GROUP BY mkopo_id
) r ON r.mkopo_id = m.id;
```

Sasa inatoka 1,120,000 na 1,110, kama karatasi inavyosema. Hapo ndipo mtu hushawishika kufunga kazi, na hapo ndipo anapaswa kuuliza jedwali halikuulizwa nini. Mikopo yote minne ilitolewa kabla ya Februari. Ongeza wa tano, wa shilingi 10,000,000, uliotolewa tarehe 3 Februari, na kwiri iliyofaulu dakika moja iliyopita itajibu 11,120,000, kwa sababu marejesho yamewekewa mpaka wa tarehe lakini mikopo haijawekewa. Ripoti ya Januari ikichapishwa Februari 1 asubuhi, kosa hili halionekani kabisa. Ikichapishwa tena mwezi Machi kwa ajili ya wakaguzi, salio la Januari litakuwa limenenepa. Mstari `WHERE m.tarehe < '2024-02-01'` mwishoni unamaliza tatizo. Funzo la hatua hii ni kwamba jedwali dogo hujibu maswali yaliyomo ndani yake tu, na kufaulu kwake kunahusu mistari hiyo, si zaidi. Mistari yetu mitano inahoji mambo matano: mkopo wenye marejesho mengi, usio na rejesho, uliolipwa siku ya mpaka, unaolingana na mwingine, na uliotoka baada ya mpaka. Kila mmoja una sababu yake ya kuwepo, na mstari usio na sababu ni mzigo unaochosha macho.

Ile shilingi moja ya saa saba na nusu usiku, kuamkia Februari 1, haijapata kazi bado. Ipo kwa ajili ya saa za eneo. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya saa za dunia za UTC kwa saa tatu, na seva nyingi huhifadhi nyakati kwa UTC. Mtu anayelipa kwa simu saa saba na nusu usiku mjini Mombasa au Mwanza, kwenye seva kama hiyo ameandikwa kwamba amelipa `2024-01-31 22:30`. Kwa kalenda ya mwanachama hayo ni malipo ya Februari. Kwa kwiri yetu ni ya Januari. Mstari huo ukiandikwa katika jedwali la majaribio jinsi mfumo unavyouandika kweli, marejesho yatatoka 1,111, na hiyo 1 ya mwisho itaeleza kila kitu. Kwenye ripoti halisi tofauti hii huwa ndogo mno kiasi kwamba mtu huiita makosa ya kukadiria, kisha huisahau.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya njia hii ni kwamba anayeandika kwiri ndiye huyo huyo anayeandika jibu, hivyo kama amelielewa vibaya neno salio, atalielewa vibaya pande zote mbili na jaribio litafaulu kwa furaha. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake limo katika udogo wa jedwali. Mistari mitano inaweza kuchapishwa kwenye karatasi moja na kupelekwa kwa mhasibu au ofisa mikopo asiyejua kwiri ni nini, aombwe akokotoe jibu kwa mkono. Yeye ndiye mwenye maana ya tarakimu. Chukua malipo ya shilingi 5 yaliyoingia Januari kwa simu bila namba ya mkopo, ambayo mfumo umeyaandika yakiwa na `NULL` kwenye safu ya `mkopo_id`. Je, yanapunguza deni la wanachama au yanasubiri mpaka mwenyewe ajulikane? Kwiri yetu huyaacha kimya kimya, kwa kuwa hayana mkopo wa kuunganishwa nao, wakati daftari la fedha litaonyesha kwamba ushirika ulipokea 1,115. Mwandishi wa kwiri hana mamlaka ya kuliamua hilo. Akiwa na mstari mmoja mbele ya mhasibu, swali linaulizwa na kujibiwa kabla ripoti haijatoka. Bila mstari huo, swali huulizwa na mkaguzi.

Mstari huo huo wa `NULL` una kazi ya pili, inayoonyesha jinsi ripoti tupu inavyoweza kuwa hatari kuliko ripoti yenye makosa. Tuseme bodi inataka orodha ya mikopo ambayo haijarejeshwa hata shilingi moja. Kwiri inayokuja haraka ni hii:

```sql
SELECT id FROM mikopo
WHERE id NOT IN (SELECT mkopo_id FROM marejesho);
```

Kwa karatasi jibu ni mkopo wa 2 na wa 4, ukiacha ule wa Februari. Kwiri inarudisha orodha tupu. Sababu ni kwamba katika lugha ya SQL, `NULL` si sifuri wala si kitu cha pekee. Ni thamani isiyojulikana. Ukiuliza kama 2 haimo katika orodha yenye kitu kisichojulikana, jibu haliwezi kuwa ndiyo, kwani huenda kile kisichojulikana ni 2. Sharti lisilofikia ndiyo huutupa mstari, na mistari yote hutupwa. Rejesho moja lisilo na namba limeifuta orodha nzima ya wadaiwa, na bodi inayopokea ukurasa mtupu itaupokea kama habari njema. `NOT EXISTS` hujibu swali hilo sawasawa. Lakini hakuna atakayefikiria kuibadilisha kama jedwali lake la majaribio limejaa mistari safi tu.

Wengine husema hayo yote ni mzunguko mrefu, kwani inatosha kulinganisha jumla ya ripoti mpya na ripoti ya zamani au na leja kuu. Ulinganisho huo una kazi yake, na hakuna jedwali dogo linaloweza kuuondoa, kwa sababu wenyewe hugundua takwimu zilizoingizwa vibaya, jambo ambalo mistari yetu ya kubuni haiwezi kuliona. Lakini hauwezi kuchukua nafasi ya jaribio. Jumla zikitofautiana, unajua kuna tatizo lakini hujui liko katika mstari gani kati ya maelfu. Zikilingana, hujui kama ni kwa usahihi au kwa makosa yaliyofutana, kama yalivyofutana katika ile mikopo mitatu ya laki moja. Na ripoti ya zamani inaweza kuwa na kosa hilo hilo, likarithiwa pamoja na kwiri iliyonakiliwa. Ulinganisho hupima takwimu. Jedwali dogo hupima mantiki. Anayefanya kimoja bado hajafanya kingine.

Upo pia upungufu ambao lazima ukubalike moja kwa moja: udogo wenyewe huficha makosa yanayotokana na ukubwa. Oktoba 2020, shirika la afya ya umma la Uingereza lilitangaza kwamba visa 15,841 vya korona havikuwa vimeingia katika takwimu za kila siku, kwa kipindi cha kuanzia Septemba 25 hadi Oktoba 2. Faili za muundo wa zamani wa Excel, zenye kikomo cha mistari 65,536, zilikuwa zimejaa, na mistari iliyozidi ikaachwa. Jaribio la mistari mitano lingefaulu kila siku hadi siku ya msiba. Kwa makosa ya aina hiyo kinga ni nyingine: kuhesabu mistari inayoingia na inayotoka katika kila hatua na kulinganisha hesabu hizo mbili. Vilevile jaribio halina thamani likifanywa kwenye mfumo tofauti na ule wa kazi. Gawanya 1 kwa 2 katika PostgreSQL na utapata 0, kwa kuwa humo namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili. MySQL itakupa 0.5. Asilimia ya mikopo chechefu iliyothibitishwa katika mfumo mmoja inaweza kugeuka sifuri katika mwingine bila herufi moja kubadilishwa.

Baada ya pingamizi hizo zote linabaki swali la kivitendo: mtu atajuaje kwamba jedwali lake linatosha? Kulitazama hakutoshi, na kuona kwiri sahihi ikifaulu hakutoshi pia. Njia ni kuiharibu kwiri makusudi. Badilisha `LEFT JOIN` iwe `JOIN`, endesha, na uone kama jibu limehama kutoka 1,120,000. Rudisha, kisha geuza `<` iwe `<=` kwenye tarehe ya mpaka wa marejesho. Rudisha, ondoa sharti la tarehe ya mkopo. Kila uharibifu unaobadilisha jibu ni kosa ambalo jedwali linaweza kulinasa. Kila uharibifu unaopita bila jibu kutikisika unakuonyesha mstari unaokosekana, na kwa jedwali letu, kati ya huo uharibifu wa mara tatu, upo mmoja: ukigeuza `<` iwe `<=`, hakuna kitakachobadilika, kwa sababu hatuna malipo yaliyofanyika saa sita kamili usiku Januari inapoisha. Ongeza malipo ya shilingi 2 kwa tarehe `2024-02-01 00:00`, na uharibifu huo nao utanaswa, marejesho yakipanda hadi 1,112.